Gredienti busting ni nini, na kwa nini mara nyingi hushinda msitu nasibu

Ukifungua maktaba ya `scikit-learn` utakuta mbinu mbili zinazounganisha miti mingi ya maamuzi. Ya kwanza ni msitu nasibu, `RandomForestRegressor`, ambao Leo Breiman aliueleza mwaka 2001. Ya pili ni gredienti busting, ambayo Jerome Friedman aliichapisha mwaka huohuo. Zote mbili hutumia mti uleule: mfululizo wa maswali ya ndiyo au hapana, na mwisho wa kila njia kuna jani lenye namba moja, ambayo kwa kawaida ni wastani wa data iliyoangukia humo. Tofauti iko katika jinsi miti inavyohusiana. Katika msitu, kila mti unajengwa peke yake, kisha majibu yote yanachukuliwa wastani. Katika gredienti busting miti inafuatana, na kila mti unafundishwa kosa lililoachwa na yote iliyoutangulia.

Sentensi hiyo ya mwisho husomwa haraka na kupita, kwa hiyo tuifanyie hesabu. Nimetunga vyumba vinne vya kupanga, kodi ikiwa kwa maelfu ya shilingi. Chumba A kiko dakika 4 kwa mguu kutoka barabara ya lami, kina maji ndani, kodi 120. B kiko dakika 6, hakina maji, kodi 100. C kiko dakika 18, kina maji, kodi 70. D kiko dakika 22, hakina maji, kodi 50.

Gredienti busting haianzi na mti. Inaanza na kisio moja kwa wote, yaani wastani, ambao hapa ni 85. Kisio hilo linaacha baki kwa kila chumba: A 35, B 15, C hasi 15, D hasi 35. Sasa mti wa kwanza unajengwa, na angalia vizuri unachofundishwa: haufundishwi kodi, unafundishwa baki hizi nne. Tuuruhusu swali moja tu. Swali linalopunguza kosa kuliko mengine yote ni "je, chumba kiko chini ya dakika 12 kutoka lami?" Vyumba vya ndiyo vina wastani wa baki 25, vya hapana hasi 25. Tukiongeza namba hizo kwenye 85, makisio yanakuwa 110 kwa A na B, na 60 kwa C na D.

Piga hesabu ya baki upya: A 10, B hasi 10, C 10, D hasi 10. Suala la umbali limekwisha, na kilichobaki mezani ni kitu ambacho mwanzoni hakikuonekana kabisa. Mti wa pili unauliza "je, kuna maji ndani?" na kupata 10 kwa ndiyo, hasi 10 kwa hapana. Makisio sasa ni 120, 100, 70 na 50. Ni kama mafundi wa lipu: fundi wa pili habomoi ukuta aanze upya, anatafuta mashimo aliyoyaacha wa kwanza na kuyajaza hayo tu.

Rudi kidogo kwenye zile baki za mwanzo. Kama mti wa kwanza ungeuliza kuhusu maji, ungepata tofauti ndogo iliyofunikwa na tofauti kubwa ya umbali. Maji yalisikika pale tu sauti ya umbali ilipoondolewa. Mimi naona hapa ndipo ushindi wa gredienti busting unapotoka, na inafaa tukae hapo.

Chukua vyumba 1,000 badala ya vinne. Mti wa msitu nasibu hujengwa kwa kina, kwa sababu unatakiwa kukisia kodi yote peke yake. Tuseme maswali yake sita ya mwanzo yanakwenda kwenye mambo makubwa: umbali, ukubwa wa chumba, mtaa. Kila swali linagawa data, na ikiwa kila mgawo ni nusu kwa nusu, baada ya maswali sita kila tawi limebaki na vyumba 16 hivi. Sasa kila tawi linapaswa kugundua lenyewe kwamba maji yanaongeza kodi, kwa kutumia vyumba 16. Kwa idadi hiyo, chumba kimoja chenye mwenye nyumba mkorofi kinatosha kupotosha jibu. Jambo dogo lakini la kweli linapotea katika matawi mengi, na ukichukua wastani wa miti 500 iliyolipoteza kwa namna ileile, bado limepotea. Wastani huondoa makosa yanayokwenda huku na huku. Kosa ambalo miti yote inalielekeza upande mmoja halifutwi na wastani.

Mti unaofuata wa gredienti busting hauna tatizo hilo. Unaanza na vyumba vyote 1,000 tena, umbali ukiwa tayari umetolewa, na kuuliza kuhusu maji mara moja kwa wote. Athari ndogo inapimwa kwa data yote badala ya kupimwa kwa vipande. Ndiyo maana katika majedwali ya kawaida ya biashara, yenye sababu nyingi ndogondogo zinazojumlishana, tofauti kati ya mbinu hizi mbili huonekana wazi.

Kuna sababu ya pili, ndogo zaidi. Kila mti wa msitu hupewa sampuli iliyochotwa kwa kurudisha: chumba kikichotwa kinarudishwa, kwa hiyo kinaweza kuchotwa tena, na kingine kisichotwe kabisa. Katika vyumba vyetu vinne, uwezekano wa A kutochotwa hata mara moja ni 0.75 mara nne kwa kuzidisha, yaani takriban asilimia 32. Miti hiyo haijui kwamba kuna chumba cha 120, na hakuna mti mwingine unaoweza kuvuka 120 ili kuifidia. Kwa hiyo wastani unashuka. Msitu huvuta vya bei ya juu chini na vya bei ya chini juu, na utaliona hilo ukichora makisio dhidi ya kodi halisi: mstari unalala kuliko inavyotakiwa.

Je, neno gredienti limetoka wapi? Gredienti ni mteremko: inaonyesha kisio likisogezwa kidogo, kosa litapungua upande gani na kwa kiasi gani. Ukipima kosa kwa mraba wa tofauti, jibu la hesabu hiyo ni baki lenyewe, ndiyo maana mfano wetu haukuhitaji kalkulasi. Kwa vipimo vingine linabadilika. Tuseme tunakisia nani atashindwa kulipa mkopo, 1 kwa aliyeshindwa na 0 kwa aliyelipa. Modeli ikimpa aliyeshindwa uwezekano wa 0.2, mti unaofuata unafundishwa 0.8 kwa mtu huyo. Ikimpa aliyelipa 0.3, unafundishwa hasi 0.3. Nyongeza ya mti huingia kwenye alama ambayo baadaye hugeuzwa kuwa uwezekano, lakini mwendo ni uleule wa vyumba vyetu.

Katika mfano niliongeza jibu zima la kila mti. Kwenye kazi halisi hufanyi hivyo. Unalizidisha kwanza kwa kasi ya kujifunza, kwa mfano 0.1. Mti wetu wa kwanza ungeongeza 2.5 badala ya 25, A na B wangekuwa 87.5, na swali la umbali lingerudi mpaka mti wa sita kabla ya swali jingine kupata nafasi. Inaonekana ni kupoteza muda, lakini mti mmoja unaweza kushika jambo la bahati tu katika data. Ukichukua jibu lake lote, bahati hiyo imeingia kwenye modeli kwa nguvu kamili. Ukichukua sehemu ya kumi, miti inayofuata bado ina nafasi ya kusahihisha.

Sasa gharama yake. Ukiongeza miti kwenye msitu nasibu, modeli haiharibiki. Inatulia tu, na unalipia muda wa kompyuta. Gredienti busting haina breki hiyo. Baki za kweli zikishaisha, miti inaendelea kufundishwa kilichobaki, na kilichobaki ni kelele. Modeli inaanza kukariri. Dalili yake ni ya wazi: kosa kwenye data ya kufundishia linaendelea kushuka, huku kosa kwenye data uliyoiweka kando likisimama, kisha likianza kupanda. Kwa hiyo idadi ya miti haikisiwi. Inaachwa ikatwe na data ya kando:

```python
from sklearn.ensemble import HistGradientBoostingRegressor

m = HistGradientBoostingRegressor(
    learning_rate=0.05, max_iter=3000, max_leaf_nodes=15,
    early_stopping=True, validation_fraction=0.15,
    n_iter_no_change=50)
m.fit(X, y)
print(m.n_iter_)
```

Hapa asilimia 15 ya data inawekwa kando, na ujenzi unasimama miti 50 mfululizo ikishindwa kuleta nafuu. Namba inayochapwa mwisho ni idadi ya miti iliyojengwa, isome kila mara. Ikiwa 3000, modeli haikumaliza kujifunza. Ongeza `max_iter` au pandisha kasi. Ikiwa ndogo sana, karibu na 50 hivi, miti iliacha kusaidia mapema mno, na hapo mimi hushusha kasi kwanza, kisha naichunguza data yenyewe.

Data yenyewe, kwa sababu mbinu inayofuata makosa hufuata pia makosa ya mwandishi. Tuseme kodi ya A iliandikwa 1200 kwa kuteleza kidole. Wastani unaruka hadi 355, baki la A linakuwa 845, na mti wa kwanza unatumika wote kukitenga chumba hicho kimoja. Miti inayofuata nayo itarudi hapohapo, kwa kuwa kwa kipimo cha mraba hakuna baki linalopiga kelele kulishinda. Msitu nao unaumia, ila jeraha hubaki zaidi kwenye jani la A, na miti ambayo haikukichota haiguswi. Kama huwezi kusafisha data, badili kipimo: `loss="absolute_error"` humfanya kila mmoja aseme "juu" au "chini" tu, bila kujali ni kwa kiasi gani, na 1200 inabaki na kura moja kama wengine.

Kwa hiyo msitu nasibu mimi naujenga kwanza, hata pale ninapotarajia utashindwa. Haudai kurekebishwa sana, na unanipa kosa la kulinganishia. Data ikiwa ya mistari mia chache na kelele nyingi, mara kadhaa hubaki nao. Na gredienti busting ikitoka na kosa kubwa kuliko msitu kwenye data ileile ya kando, siilaumu mbinu kabla ya kutazama mambo mawili: `m.n_iter_`, na orodha ya mistari kumi yenye baki kubwa zaidi. Kodi ya 1200 huwa iko kwenye hiyo orodha.