Choo kinachoelea, kilichopauka na kung'aa mafuta: kasoro iko wapi?

Swali: Nikila chakula chenye mafuta mengi, kesho yake choo kinaelea hata nikimwaga maji mara mbili. Ni mafuta hayo yanaelea?

Kuelea peke yake mara nyingi ni gesi. Mwaka 1972 watafiti wa Marekani walichukua choo kinachoelea, wakaibana kwa kanieneo gesi iliyokuwa ndani yake, nacho kikazama. Hata choo chenye mafuta huelea zaidi kwa sababu ya gesi hiyo. Kwa hiyo usitishwe na choo kilichoelea siku mbili tatu kisha kikarudi kama kawaida.

Angalia mambo mengine. Choo chenye mafuta huwa kingi na laini, hunata kwenye sinki, hung'aa, na harufu yake ni ya kuvunda kuliko ulivyozoea. Wakati mwingine utaona matone ya mafuta juu ya maji, na hiyo ndiyo dalili ninayoiamini zaidi. Haya yakijirudia kwa wiki kadhaa, hasa kila ukila mafuta, mwili haumeng'enyi au haufyonzi mafuta ipasavyo.

Swali: Na kupauka je? Changu ni cha njano hafifu, lakini kuna mtu aliniambia cheupe ndicho kibaya.

Mafuta yanahitaji vitu viwili kabla ya kufyonzwa. Nyongo kutoka kwenye ini huyatawanya yawe matone madogo sana, kama sabuni kwenye sahani yenye mafuta. Kisha kimeng'enya cha kongosho kiitwacho lipasi huyakata vipande vinavyoweza kupita kwenye ukuta wa utumbo mwembamba.

Rangi ya kahawia ya choo hutokana na nyongo. Njia ya nyongo ikizibwa, kwa jiwe au uvimbe, choo huwa cheupe au kijivu, mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi, macho huwa ya njano na ngozi huwasha. Hapo usisubiri. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na ukiwa na homa au maumivu makali, nenda saa hiyohiyo.

Kongosho likiwa ndilo limechoka, nyongo bado inashuka, kwa hiyo choo hakiwi cheupe bali huwa cha njano iliyofifia, na mafuta huonekana waziwazi. Sura inayofanana na hiyo huletwa pia na utumbo wenyewe ukiharibika, kwa mfano kwa vimelea vya giadia au kwa ugonjwa wa siliaki, ambapo kinga ya mwili huudhuru utumbo kwa sababu ya ngano. Rangi, basi, hukupa fununu tu. Jibu kamili hutoka kwenye vipimo.

Swali: Baba ana miaka 58, anakula vizuri lakini amepungua kilo 7 ndani ya miezi minne. Miaka ya nyuma alilazwa mara kadhaa kwa maumivu ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni. Daktari ametaka choo kipimwe. Wanatafuta nini?

Historia hiyo inaelekeza kwenye kongosho lililovimba mara kwa mara hadi likachakaa. Kongosho lina akiba kubwa: mafuta hayaonekani chooni mpaka uwezo wake wa kutoa lipasi ushuke chini ya asilimia 10 hivi. Dalili inapotokea, ugonjwa una miaka.

Maabara itapima elastasi, kimeng'enya cha kongosho kinachopita hadi chooni bila kuharibika. Chini ya mikrogramu 200 kwa gramu moja ya choo huleta shaka, na chini ya 100 shaka huwa kubwa. Ila sampuli ya kuhara maji huzimua kipimo kikaonekana cha chini bure, kwa hiyo apeleke choo kilichoshikana kidogo. Kwa umri wake na kilo hizo, msishangae akipigwa pia picha ya siti skani. Saratani ya kongosho huweza kuanza hivihivi, na haifai kuikisia. Watapima sukari pia, na huenda vitamini A, D, E na K, kwani hufyonzwa pamoja na mafuta.

Ikithibitika, atapewa vidonge vya vimeng'enya, mara nyingi kuanzia yuniti 40,000 hadi 50,000 za lipasi kwa mlo kamili na nusu yake kwa kitafunwa. Asikatazwe mafuta yote, maana atazidi kukonda. Vidonge havitafunwi. Ameze vingine anapoanza kula na vingine katikati ya mlo, ili vichanganyike na chakula. Wengi humeza vyote wakiwa wameshamaliza kula na kunawa mikono, halafu wanalalamika kwamba dawa haifanyi kazi. Choo kikiendelea kung'aa, muulizeni kwanza anameza saa ngapi, kisha ndipo mzungumze na daktari kuhusu kuongeza dozi.