Kiwango kikiandikwa upande wa pili: gawanya, usizidishe

Katika jedwali la viwango vya kubadilisha fedha la Benki Kuu ya Kenya, dola ya Marekani huonyeshwa kwa idadi ya shilingi za Kenya zinazolingana na dola moja. Shilingi ya Tanzania na ya Uganda huandikwa upande wa pili: namba inasema shilingi moja ya Kenya ni sawa na shilingi ngapi za jirani. Mtu aliyezoea kuzidisha dola zake huteremka hadi mstari wa Tanzania na kuendelea kuzidisha.

Kwa hiyo soma kiwango kwa sentensi nzima kwanza. Tuchukue 19.20 kama mfano tu: "Shilingi 1 ya Kenya ni shilingi 19.20 za Tanzania." Sarafu yenye 1 ndiyo kipimo. Ukiwa na kipimo hicho mkononi, unazidisha, ukikitafuta, unagawanya.

Una shilingi 500,000 za Tanzania na unataka za Kenya. Ondoa desimali kwa kuzidisha pande zote mbili kwa 10: 5,000,000 gawanya kwa 192. Mara 26,000 inatoa 4,992,000, na baki ni 8,000. Hiyo 8,000 ukiigawanya kwa 192 unapata 41.67. Jibu ni shilingi 26,041.67 za Kenya. Lihakiki kwa kulizidisha kwa 19.20, lazima urudi karibu kabisa na 500,000.

Wengi hupendelea kukigeuza kiwango kwanza, yaani 1 gawanya kwa 19.20, kisha wazidishe. Njia ni sahihi, ila jibu ni 0.0520833 na kuendelea, na mkono huchoka mapema. Ukikata kwenye 0.05 unapata 25,000, na zaidi ya shilingi 1,000 zimepotea. Hata 0.052 inakupa 26,000. Ndiyo maana tunashauri kugawanya moja kwa moja.

Kosa la kuzidisha hapa lingetoa shilingi 9,600,000, nawe ungeshtuka. Hatari kubwa iko kwenye sarafu zinazokaribiana thamani. Euro 1 ikiwa dola 1.10, dola 1,000 ni euro 909.09. Ukizidisha unapata 1,100, namba isiyomshtua mtu. Kupunguza asilimia 10 nako si sahihi: kunatoa 900.

Kwenye duka la kubadilisha fedha kuna bei mbili. Tuseme duka linanunua shilingi ya Kenya kwa 19.00 za Tanzania na kuiuza kwa 19.60. Wewe unaitaka ya Kenya, basi duka linakuuzia: 500,000 gawanya kwa 19.60 ni 25,510.20. Ukitumia 19.00 kimakosa utatarajia 26,315.79. Kwenye kugawanya, namba kubwa ya kiwango hukupa fedha kidogo, na ukibabaika kati ya bei hizo mbili, chukua jibu dogo.