Mfuko wa akiba umeandikwa, lakini fedha ziko wapi?

Kwa mara nyingine nimeulizwa na mwenye jengo la fleti, safari hii la Tudor hapa Mombasa, kwa nini asiazime kidogo kutoka mfuko wa akiba ilhali hesabu za mwaka zinaonyesha ziada. Hoja hiyo nimekwisha kuisikia Kizingo na Nyali pia, na kila mara huja na karatasi ya mapato na matumizi iliyopigwa mstari mwekundu chini ya tarakimu ya mwisho. Karatasi yenyewe kwa kawaida haina kosa. Anayeisoma ndiye anayeitaka iseme jambo isilolijua.

Ada ya huduma ni ya gharama za mwaka huu: mlinzi, usafi, umeme wa ngazini, maji ya bauza bomba linapokauka, na mkataba wa fundi wa lifti. Mfuko wa akiba ni wa kazi zinazokuja baada ya miaka mingi, kama vile kuziba paa upya, kubadilisha lifti, na kupaka rangi kuta za nje ambazo chumvi ya bahari huzibambua. Fedha zote mbili hudaiwa kwa ankara moja, na hapo ndipo matatizo huanzia.

Chukua jengo la fleti 20 zilizo sawa kwa ukubwa. Kila fleti hudaiwa kwa mwezi shilingi 6,000 za huduma na 1,500 za akiba, hivyo kwa mwaka huduma ni 1,440,000 na akiba ni 360,000. Matumizi ya mwaka yakawa 1,410,000, yote yamekwisha kulipwa. Karatasi inaonyesha ziada ya 30,000, na mizania inaonyesha mfuko wa akiba wa 360,000. Mwenye jengo anafurahi. Hata hivyo, taarifa ya benki inasema zimo 120,000 tu.

Hakuna aliyeiba. Fleti tatu hazikulipa chochote mwaka mzima, na kwa kuwa ankara huandikwa kama mapato siku inapotolewa, deni lao la 270,000 limehesabiwa ndani ya ile “ziada” na ndani ya mfuko wa akiba ulioandikwa. Katika deni hilo, 216,000 ni za huduma na 54,000 ni za akiba. Fedha za huduma zilizoingia ni 1,224,000, nazo hazikutosha kulipia 1,410,000. Pengo la 186,000 lilizibwa kimyakimya na fedha za akiba, ambazo zilikuwa zimeingia 306,000. Ndiyo maana zimebaki 120,000. Mwenye jengo anayeomba ruhusa ya kuazima amekwisha kuazima, na hajui.

Ukitaka kujua kama jengo lako limo katika hali hiyo, chukua salio la mfuko kwenye mizania, ondoa sehemu ya akiba ambayo wadaiwa hawajalipa, kisha linganisha na fedha za akiba zilizopo benki. Mfuko ukiwa na akaunti yake, kazi hii ni ya dakika chache. Ukichanganywa na fedha za huduma, au vibaya zaidi na kodi za mwenye jengo, utahitaji jioni nzima na kahawa tungu.

Linaloniudhi zaidi ni dawa inayopendekezwa: kupandisha ada ya mwaka ujao. Matumizi hayakupita bajeti. Kilichopungua ni makusanyo. Kupandisha ada kwa sababu hiyo ni kuwalipisha wanaolipa deni la wasiolipa. Tena katika mfano huu, tuseme fleti mbili kati ya zile tatu ni za mwenye jengo mwenyewe, hazijauzwa, naye anashikilia kwamba fleti tupu haitumii lifti. Paa halijui nani amehamia. Mwenye fleti isiyouzwa ni mmiliki kama wengine, na akilipa 180,000 zake, benki itakuwa na 300,000.

Zipo sehemu ambazo mimi mwenyewe sina uhakika nazo. Mdaiwa akilipa nusu ya deni, mimi hugawa fedha hizo kwa uwiano wa ankara, huduma nne kwa akiba moja, lakini wapo wenzangu wanaolipa huduma kwanza ili mlinzi asikose mshahara, na mikataba mingi ya upangaji niliyoisoma haisemi lolote. Vilevile kiwango cha 1,500 ni makisio: hugawanywa gharama ya kazi kwa miaka iliyobaki, ilhali bei ya lifti inayoagizwa kutoka nje hufuata dola. Na ikiwa pampu ya kisima itaungua leo huku akaunti ya huduma ikiwa tupu, nitaidhinisha fedha za akiba zitumike, mradi ziandikwe waziwazi kama deni la akaunti ya huduma, pamoja na tarehe ya kuzirejesha, na wenye fleti waarifiwe kwa barua kabla ya ankara ya mwezi unaofuata.