Je, wajua? Mstari mmoja wa kampuni mshirika

"Kampuni yetu ya uvuvi hapa Wete ina asilimia 30 ya kiwanda cha barafu cha Mkoani. Mbona kwenye hesabu zetu siyaoni mauzo ya kiwanda wala mitambo yake, nakuta mstari mmoja tu wa faida, tena faida ambayo fedha zake hatujazipokea zote?"

Kwa sababu kiwanda kile si chenu kukiendesha. Mna sauti ndani yake, usukani hamna.

Kampuni ikiwa na zaidi ya nusu ya kura za nyingine, kwa kawaida ndiyo inayoamua: meneja awe nani, mkopo uchukuliwe au usichukuliwe. Hiyo huitwa kampuni tanzu, na hesabu zake huchanganywa na za mama yake mstari kwa mstari, mauzo juu ya mauzo, deni juu ya deni. Mwenye asilimia 30 hayuko hapo. Anakaa kwenye bodi, anasikilizwa, anaweza kulisukuma jambo, lakini wenzake wakikataa limekwisha. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 28 kinaiita hali hii ushawishi mkubwa, na kampuni unayoishawishi namna hiyo ni kampuni mshirika. Kuanzia asilimia 20 ya kura mtu huchukuliwa kuwa na ushawishi huo, mpaka ionekane vinginevyo.

Natoa mfano wa tarakimu, ni wa kubuni, ila mambo ya namna hii hutokea. Kampuni ya Wete ina mauzo ya samaki ya shilingi milioni 800 kwa mwaka. Kiwanda cha Mkoani kina mauzo ya barafu ya milioni 700 na mkopo wa benki wa milioni 500. Ukivijumlisha, kampuni ya Wete itaonekana inauza bilioni 1.5. Atakayesoma ataamini hivyo, na si kweli. Hata ukichukua asilimia 30 tu ya kila kitu, bado utaandika milioni 210 za mauzo ya barafu ambayo hamkuiuza nyinyi, na milioni 150 za deni ambalo benki haiwezi kuja Wete kulidai. Mlichonacho hasa ni fungu katika kitu kizima, na fungu linaandikwa kama fungu.

Sasa tulifuate fungu lenyewe. Mlinunua hisa zile kwa milioni 240. Wakati huo mali za kiwanda, ukitoa madeni yake yote, zilikuwa na thamani ya milioni 800, kwa hiyo bei ilikuwa sawasawa na asilimia 30 yake. Siku hiyo mizania yenu inaandika milioni 240, basi. Mwisho wa mwaka kiwanda kinafunga hesabu kwa faida ya milioni 90 baada ya kodi. Fungu lenu ni milioni 27. Linaingia kwenye taarifa yenu ya faida na hasara kwa mstari mmoja, na papo hapo thamani ya uwekezaji kwenye mizania inapanda kufika milioni 267. Kiwanda kikiwa na thamani zaidi, fungu lenu nalo limenenepa, hata kama hamjashika hata shilingi.

Kisha kiwanda kinagawa gawio la milioni 40. Kwenu zinakuja milioni 12, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Gawio hili si pato jipya. Lilikwishahesabiwa ndani ya zile 27. Fedha zimetoka kiwandani zimekuja benki kwenu, kwa hiyo akaunti ya benki inapanda kwa milioni 12 na uwekezaji unashuka kwa kiasi kile kile, unabaki milioni 255. Niliwahi kupewa hesabu za kampuni moja ambazo zilikuwa na mstari wa fungu la faida na chini yake mstari wa gawio, vyote vimeongeza faida. Ilikuwa faida moja iliyohesabiwa mara mbili. Ukitaka kuhakikisha, chukua salio la mwanzo, ongeza fungu la faida, toa gawio. Lisipofika salio la mwisho, uliza kilichoingia katikati.

Na kwa nini tusingoje gawio ndipo tuandike pato? Kwa sababu mwenye sauti kwenye bodi anaweza kushauri gawio litolewe mwaka ambao kampuni yake imefanya vibaya, ili faida yake ipendeze. Kiwanda kinaweza pia kupata faida miaka mitano bila kugawa, na wanahisa wa Wete wasijue kwamba fungu lao limekua. Wewe unayetaka kujua fedha taslimu ziko wapi, usiutafute jibu kwenye mstari wa faida. Fungua taarifa ya mtiririko wa fedha: pale utazikuta milioni 12, siyo 27.

Tahadhari moja ya biashara baina yenu. Tuseme mliwauzia kiwanda jenereta kwa milioni 30, nanyi mliinunua kwa 20. Faida ni milioni 10, lakini asilimia 30 ya mnunuzi ni nyinyi wenyewe, na mtu hajipatii faida kwa kujiuzia. Milioni 3 zinaondolewa, halafu zinarudi kidogo kidogo kadiri jenereta inavyotumika na kuchakaa. Barafu mnayoinunua kwao haina shida hiyo: imekwisha kuyeyuka juu ya jodari kabla mwaka haujafungwa, hakuna inayobaki ghalani.

Hasara ina mpaka wake. Tuseme mwaka wa pili maji ya bahari yanaingia kwenye mitambo, na kiwanda kinapata hasara ya milioni 900. Fungu lenu ni milioni 270, ila kwenye vitabu mmebakiwa na 255. Mnaandika hasara ya 255, uwekezaji unakuwa sifuri, na mnasimama hapo. Milioni 15 zilizobaki haziandikwi kama deni, maana mwenye hisa hadaiwi zaidi ya alichoweka, isipokuwa kama mlidhamini mikopo ya kiwanda au mliahidi kukifidia. Kama mlikikopesha kiwanda fedha za muda mrefu ambazo hamtarajii kurudishiwa karibuni, hasara huendelea kuula mkopo huo. Zile 15 zinawekwa kando kwa kumbukumbu. Mwaka unaofuata fidia ya bima inaingia, kiwanda kinafunga kwa faida ya milioni 100, fungu lenu 30. Kwanza zinafukia shimo la 15, ndipo 15 zilizobaki zinaandikwa. Anayeruka hatua hii huonyesha faida mara mbili ya ile iliyo halali.

Mwisho, asilimia 30 peke yake si hoja ya kutosha. Kama asilimia 70 zote ni za mtu mmoja, hamna kiti kwenye bodi, na hata hesabu za kiwanda mnazipata kwa kubembeleza, basi ushawishi haupo. Uwekezaji huo uandikwe kwa thamani yake ya sasa sokoni, na gawio hapo huandikwa kama pato. Kwa hiyo kabla ya kuuliza mstari ule umehesabiwaje, muulizeni mhasibu wenu: kikao cha mwisho cha bodi kule Mkoani, nani alituwakilisha, na alisema nini?