Kwa nini mota iliungua na rilei ya umeme mdogo ipo?

"Fundi, mashine yangu ya posho hapa Busia ina rilei ya umeme mdogo. Wiki jana fyuzi moja ya nje ilikatika, mota ikaendelea kusaga mpaka ikatoa moshi. Mbona rilei haikuzima?"

Rilei yako haikuzima kwa sababu haikuona umeme mdogo. Mota ikiwa tayari inazunguka, fezi iliyokatika haibaki tupu. Rota inaendelea kuzunguka ndani ya koili zote tatu, na ile koili iliyokosa umeme wa nje inazalishiwa volti na mota yenyewe, kama jenereta ndogo. Volti hizo hurudi kwenye waya uliokufa mpaka pale rilei ilipofungwa. Ndiyo maana wasagaji wengi wakigusisha balbu ya kupimia kwenye fezi ile huiona inawaka, wakaapa kwamba umeme upo wote.

Tuchukue mota ya kilowati 15, zile tunazoziita za hospawa 20, kwenye laini yetu ya Uganda ya volti 415. Ikiwa na mzigo kamili huvuta takriban ampea 28. Tuseme siku hiyo mahindi yalikuwa yanaingia kidogo kidogo, mota ikivuta ampea 18 tu. Fyuzi ikakatika. Ukipima fezi kwa fezi wakati mashine inazunguka, unaweza kukuta 410, 376 na 369. Rilei ya umeme mdogo iliyowekwa kwenye asilimia 85 husubiri volti zishuke chini ya 353. Hakuna hata moja iliyofika huko, kwa hiyo imetulia, na kwa kipimo chake haijakosea.

Sasa angalia ndani ya mota. Kazi iliyofanywa na waya tatu inafanywa na mbili, na mkondo katika hizo mbili hupanda karibu mara 1.73, kutoka 18 hadi ampea 31. Ovalodi, ile kinga inayokata mkondo ukizidi, ikiwa imewekwa kwenye 28 inaona umezidi kidogo tu, asilimia 11, na kwa kiasi hicho inaweza kukaa muda mrefu sana bila kukata. Lakini koili za mota hii zimefungwa kwa delta, yaani zimeunganishwa kama pembetatu, na hapo ndipo mtego ulipo. Mkondo ukiingia kwa waya mbili tu, haugawanyiki sawa: theluthi mbili hupita katika koili moja, na theluthi iliyobaki hupita katika zile mbili nyingine zilizofuatana. Koili moja basi inabeba karibu ampea 21, wakati kwa mzigo kamili ilitakiwa ibebe 16. Joto hukua kwa mraba wa mkondo, kwa hiyo koili hiyo inapata joto karibu asilimia 64 zaidi ya ilivyoundwa kuvumilia. Fundi wa kusuka mota akiifungua huona alama yake mara moja: kundi moja la koili limekuwa jeusi kama mkaa, linajirudia kwa mpangilio kuzunguka stata, na mengine yana rangi yake ya kawaida. Ukiona koili zote zimeiva sawa, usilaumu fezi. Tafuta mzigo mkubwa au umeme mdogo.

Kinga uliyoikosa ni rilei ya kukatika fezi, na hiyo inauliza swali jingine kabisa. Haijali sana volti ni ngapi. Inajali kama tatu zote zinalingana. Kwa vipimo vyetu wastani ni 385, na kilicho mbali zaidi nao ni 410, tofauti ya 25. Gawa 25 kwa 385, unapata asilimia 6.5. Rilei iliyowekwa kwenye asilimia 5 itakata. Ukiiweka kwenye 10, nayo italala usingizi uleule, na hili ni kosa ninalolikuta hata kwa mafundi wenye uzoefu: wamenunua kifaa sahihi, wakakizungusha mpaka kiache kuwasumbua. Kabla ya kuweka namba, pima fezi zako mashine ikiwa imezimwa. Kama majirani wa fezi moja wanazivuta tayari kwa asilimia 2 au 3, asilimia 5 bado inakupa nafasi. Kama tofauti ya kawaida inafika 4, tatizo lako liko kwenye laini, na kulegeza rilei ni kulihamishia tatizo hilo ndani ya mota.

Je, tuitupe ile ya umeme mdogo? Hapana, maana kuna ubaya ambao rilei ya fezi haiuoni kamwe. Saa moja jioni, mji mzima umewasha, laini yako inasoma 340, 338 na 342. Tofauti kati yao haifiki asilimia 1, kwa hiyo rilei ya fezi inaridhika. Lakini mota imebaki na asilimia 82 ya volti zake, na nguvu yake ya kuzungusha hufuata mraba wa volti: imebaki asilimia 67 hivi. Mota inajaribu kusaga mahindi yaleyale, kwa hiyo inavuta mkondo zaidi, kama ampea 34 badala ya 28. Utaisikia ikilemewa, mikanda inapiga kelele, na ukiizima haiwezi kuanza tena ikiwa na mahindi ndani. Volti zikishuka zaidi, kontakta, ile swichi ya sumaku inayowasha mota, huanza kutetemeka ikigonga na kuachia, na hapo nyuso zake za kugusana huungua. Hiyo ndiyo kazi ya rilei ya umeme mdogo, na 353 inatosha kuikamata hali hii mapema.

Ipe tu muda wa kusubiri, sekunde 5 hivi. Jirani mwenye mashine ya kuchomelea au mota yako ya pili ya kukoboa ikianza, volti hudondoka kwa muda mfupi na kurudi. Rilei ya fezi haihitaji subira hiyo. Sekunde 1 au 2 inatosha. Siku hizi vipo vifaa vyenye kazi zote mbili katika kisanduku kimoja, kila moja na kitufe chake cha kuzungusha, na kwa mashine ya posho ningenunua hicho.

Kuna kitu kimoja vyote viwili havikioni. Rilei hupima pale ilipofungwa, na kwa kawaida hufungwa kabla ya kontakta. Guso moja la kontakta likiungua, au skrubu ikilegea kwenye kisanduku cha mota, fezi inapotea baada ya rilei, nayo bado inaona laini nzuri kabisa. Hapo umebakiwa na ovalodi peke yake. Chagua ile inayohisi kukosekana kwa fezi, na uiweke kwenye ampea ambazo mota inavuta kweli, siyo zilizoandikwa kwenye kibati, kama mashine yako haifiki kamwe mzigo kamili. Ingekuwa imewekwa kwenye 20, zile ampea 31 zingekuwa zimezidi kwa zaidi ya nusu, na ingekata ndani ya dakika chache.

Ukishafunga mpya, usikubali fundi akuoneshe kwamba inafanya kazi kwa kutoa fyuzi mashine ikiwa imesimama. Mota ikiwa imesimama hairudishi volti, na hata rilei yako ya zamani ingefaulu mtihani huo. Mwambie fundi mwenye kibali cha ERA, mamlaka ya kudhibiti umeme Uganda, aikate fezi mota ikizunguka bila mahindi, kwa swichi salama iliyo kabla ya rilei, kisha arudie kwa kila fezi.