Miaka 12 ikihesabiwa upya

Watu wa makamo wanaokuja kwangu kwa ushauri nasaha hupenda kusema, "Nilijua tangu mwanzo, nikajifanya sioni." Kauli hiyo ndiyo huanza kuichunguza, maana mara nyingi si kweli.

Mwaka 1975 mwanasaikolojia Baruch Fischhoff aliwasomesha watu habari za vita vya zamani. Makundi yalielezwa miisho tofauti, na watu wakaelekea kuona mwisho walioelezwa ndio uliotarajiwa tangu awali. Tukishajua jambo liliishaje, tunasahau jinsi lilivyokuwa gizani.

Chukua mwanamke wa miaka 48 (nimechanganya habari za watu kadhaa, asitambulike mtu). Alikaa miaka 12 na mwanamume aliyemwahidi ndoa, kisha jamaa akaoa kwingine. Nilimwambia agawe karatasi pande mbili. Kushoto aandike kila mwaka na yale aliyoyajua mwaka huo tu. Kulia, yale aliyokuja kuyajua baadaye, na lini. Kazi hii haitaki haraka. Anayeimaliza jioni moja huwa ameandika hasira zake tu.

Miaka ya mwanzo, kushoto kulijaa sababu za haki za kubaki: alitambulishwa kwa mama mkwe mtarajiwa, wakaanza kuweka akiba pamoja. Mwaka wa 7 ndipo alipouliza tarehe ya ndoa, akafokewa, akanyamaza. Basi miaka aliyoijutia ikashuka kutoka 12 hadi 5. Mitano bado inauma, lakini hiyo inazungumzika. Wapo pia wanaogundua kwamba kweli walijua mapema, na hao siwafariji kwa uongo.

Karatasi ilifichua jambo jingine. Kuanzia mwaka wa 4 majina ya marafiki zake hayakuonekana tena, kwa kuwa bwana hakuwapenda. Hofu yake ya kuzeeka peke yake ilikuwa na mzizi hapo, naye alikuwa akitafuta dawa kwa kukimbilia mchumba mpya ambaye, kwa alivyomweleza, alikuwa yule yule kwa jina jingine.

Urafiki unataka saa. Utafiti wa Jeffrey Hall wa mwaka 2018 ulikadiria takribani saa 50 ili mtu mnayefahamiana awe rafiki wa kawaida, na zaidi ya 200 awe wa karibu. Ukikutana na mtu saa 2 kila wiki, hizo 200 ni karibu miaka miwili. Ndiyo maana nilimshauri aanze na marafiki wa zamani. Aliwaandikia wawili. Mmoja hakujibu hadi leo. Wa pili wanatembea pamoja kila Jumamosi.

Karatasi hii simpi kila mtu. Mtu akiwa na huzuni nzito karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, hali wala halali vizuri, au anawaza kufa, namwelekeza kwa daktari kwanza, na mwenye mawazo ya kufa haendi peke yake. Akili iliyozama katika sonona itageuza pande zote mbili kuwa hati ya mashtaka.