Kwa nini mtu mzima akilala anapimwa mrefu kuliko akisimama

Dhana: vipimo viwili vikitofautiana, kimoja ni cha uongo.

Tuseme ni wodini, hospitali moja hapa Dodoma. Mkulima wa zabibu wa Hombolo ameletwa hoi, hawezi kusimama, kwa hiyo anapimwa akiwa kitandani: sentimita 169.2. Uzito wake ni kilo 52.5. Baada ya siku chache amepata nguvu, anasimamishwa kwenye ubao wa ukutani na kusomeka sentimita 168 kamili. Kaka yake analalamika, "Nesi, juzi mlimpima vibaya. Mtu mzima hapungui urefu."

Ukweli ni kwamba nesi amepima sawasawa mara zote mbili. Mwili wa mtu mzima hauna urefu mmoja usiobadilika. Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna diski 23, na kwa pamoja zinachukua karibu robo ya urefu wa uti huo. Ndani ya kila diski kuna ute uliojaa maji. Ukisimama, kichwa, mikono na kiwiliwili vinazikandamiza, maji yanatoka kidogo kidogo na diski zinapungua unene. Ukilala, mzigo huo unaondoka na diski zinayanyonya tena.

Hilo la diski huchukua muda. Mengine hutokea papo hapo: mgongo una mikunjo ya asili shingoni na kiunoni, na mtu akilala chali mikunjo hiyo hunyooka kidogo. Nyama ya kisigino, iliyokuwa imebanwa na uzito wote wa mwili, huachiwa. Gegedu za magoti na nyonga nazo hupumua. Kila sehemu inachangia milimita chache, na jumla yake inafika sentimita moja hivi, pengine zaidi.

Saa ya kupima nayo ina uzito wake. Mtu hupungua karibu sentimita moja hadi mbili kati ya kuamka na kulala, na zaidi ya nusu ya upungufu huo hutokea katika saa ya kwanza tu baada ya kuondoka kitandani. Kwa hiyo mgonjwa aliyelala usiku kucha akipimwa kitandani alfajiri, kisha akasimama kwenye ubao jioni, tofauti itakuwa kubwa kuliko akipimwa kwa namna zote mbili ndani ya dakika chache.

Dhana: sentimita moja haina madhara.

Mara nyingi haina. Lakini rudi kwa yule mkulima. Uwiano wa uzito na urefu hupatikana kwa kugawanya kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa kipimo cha kulala anapata 18.3, chini ya mpaka wa 18.5, na faili linaandikwa kwamba ana uzito pungufu. Kwa kipimo cha kusimama anapata 18.6, amevuka mpaka. Ndugu wanafurahi kwamba lishe imemkubali, kumbe hajaongeza hata gramu. Ndiyo maana naomba sana neno "amelala" liandikwe kando ya namba kwenye faili. Kwenye kliniki za watoto jambo hili lina utaratibu wake: wa chini ya miaka miwili hupimwa amelala, mkubwa zaidi amesimama, na kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani tofauti huchukuliwa kuwa sentimita 0.7. Kwa mtu mzima, usichukue hiyo 0.7 ya mtoto ukampunguzia.

Dhana: basi tofauti yoyote ni ya kawaida.

Hapana. Kwa mtu ambaye mgongo wake haujapinda, ukiona sentimita tatu au nne, kwanza shuku upimaji. Kosa la kwanza ni kupitisha futi kamba juu ya kifua na tumbo, ikafuata miinuko ya mwili badala ya kulala kando yake. La pili ni miguu: aliyelala hulegeza vidole vikaelekea mbele, na ukipima hadi vidoleni umeongeza urefu usiokuwepo. Nyayo zisimame wima, ubao ukandamizwe kwenye visigino, kichwa kinyooke, na godoro lisiwe la kubonyea.

Dhana: kulala sana au kuning'inia kwenye bomba kunaongeza kimo.

Vijana wanaotafuta nafasi za jeshi huamini hivi. Mifupa mirefu ya mtu mzima imeshafunga sehemu zake za kukulia. Kinachoongezeka ni maji ya diski, na yatatoka tena wakiwa bado kwenye foleni.

Kwa mzee aliyepinda mgongo, kulala kunaweza kumnyoosha kwa sentimita kadhaa bila kosa lolote la mpimaji. Ukitaka kujua kama pingili zake zinabonyea mwaka hadi mwaka, linganisha kipimo cha kusimama na kingine cha kusimama, saa zilezile za siku.